Tagi Nyingi, Watazamaji Wachache

Watu wanaoanzisha chaneli ya YouTube wana maswali mengi, lakini liko moja linalowakata maini kuliko mengine. "Video hii niliijazia tagi mpaka nafasi ikaisha, nikatafuta maneno yote yanayovuma. Ile nyingine niliipandisha harakaharaka, haina hata tagi tatu. Mbona ile ya haraka ndiyo inayotazamwa?" Mara nyingi anayeuliza hivyo ameshajijibu: tagi zimezidi, YouTube imeiadhibu video. Anakwenda kuzifuta zote, anasubiri wiki mbili, na hesabu inabaki palepale. Hapo ndipo anapochanganyikiwa kweli.

Swali hili ni la msingi, na halistahili kujibiwa kwa kuambiwa tu "usijali tagi". Mtu aliyetumia saa nzima kupanga maneno ana haki ya kujua saa hiyo ilikwenda wapi.

Tuanze na tagi zenyewe. Ukipakia video, chini kabisa ya fomu, baada ya kubonyeza `Show more`, kuna kisanduku cha `Tags`. Kinapokea herufi 500 kwa jumla. Mtazamaji hakioni, tangu mwaka 2012 YouTube iliacha kuonyesha tagi kwenye ukurasa wa video. Katika miaka ya mwanzo, baada ya mtandao huo kuanzishwa mwaka 2005, tagi zilikuwa na nguvu kwa sababu ya kueleweka: kompyuta haikuweza kujua kilichomo ndani ya video, hivyo ilitegemea maneno ya mwenye video. Ushauri mwingi tunaorithishana kuhusu tagi ulizaliwa enzi hizo, ukanakiliwa kutoka mtu hadi mtu, na bado unafundishwa kama vile hakuna kilichobadilika.

Lakini kimebadilika, tena sana. Leo mwongozo wa YouTube unasema waziwazi kwamba tagi zina mchango mdogo mno katika kumfikisha mtazamaji kwenye video, na kwamba kichwa cha habari, picha ya jalada na maelezo ndivyo vyenye uzito. Unataja faida moja ya tagi: pale ambapo jambo linalozungumzwa huandikwa kwa makosa mara kwa mara. Faida hiyo kwetu sisi tunaoandika Kiswahili ni kubwa kuliko inavyoonekana, na nitaifikia.

Kama tagi ni dhaifu kiasi hicho, basi haziwezi kuwa ndizo zilizoiangusha video ya kwanza, wala kukosekana kwake hakuwezi kuwa ndiko kulikoiinua ya pili. Tofauti iko mahali pengine. Ili tuione, tuchukue mfano wa kubuni na kuufuata hadi mwisho.

Tuseme kuna fundi cherehani wa Morogoro aliyefungua chaneli. Katika wiki moja amepakia video mbili. Ya kwanza ameiita "MISHONO MIPYA MIKALI SANA 2025". Ina dakika 11. Amejaza tagi 38: mishono, fasheni, kitenge, harusi, sendofu, urembo, Bongo, na majina kadhaa ya wasanii wa Bongo Fleva ambao hawamo kwenye video. Ndani yake anasalimia, anaeleza chaneli ni ya nini, anaomba watu wajiunge, kisha anaonyesha picha za mishono, na kuanzia dakika ya nne anafundisha kukata na kushona mkono wa puto. Picha ya jalada ni yeye mwenyewe kasimama mbele ya nguo nyingi.

Ya pili ilizaliwa kwa sababu mteja alimletea cherehani mbovu. Akaweka simu mezani akarekodi. Ameiita "Cherehani inakata uzi wa juu: anza kuangalia hapa". Ina dakika 5. Sekunde ya kwanza tu uzi unakatika mbele ya kamera, naye anaanza kueleza: uzi umepita njia yake yote au umerukishwa sehemu, tensheni imekazwa kupita kiasi, sindano imepinda au imewekwa upande usio wake, au uzi wenyewe ni dhaifu. Tagi ni mbili. Jalada ni sindano na uzi uliokatika, basi.

Siku ya tatu, video ya mishono inaongoza. Imeshatazamwa mara 70 na zaidi, na nyingi kati ya hizo zimetoka kwenye kiungo alichotuma katika magrupu ya WhatsApp ya ndugu na marafiki. Ya cherehani ina 42. Baada ya siku 28 ya mishono imefika 102 na imesimama. Ya cherehani imepita 450 na bado inatembea.

Sasa afungue YouTube Studio, aingie kwenye video moja moja, abonyeze `Analytics`, kisha sehemu ya `Reach`. Humo kuna mstari ulioandikwa `Impressions`, yaani mara ambazo jalada la video limeonyeshwa kwa watu ndani ya YouTube. Linahesabiwa pale tu ambapo angalau nusu yake imeonekana kwenye kioo kwa zaidi ya sekunde moja. Pembeni yake ni `Impressions click-through rate`: kati ya waliooneshwa, asilimia ngapi walibonyeza. Tuseme video ya mishono imeonyeshwa mara 3,000 na ikabonyezwa mara 42. Hiyo ni asilimia 1.4. Mara 60 zilizobaki ni za WhatsApp, nazo hazimo katika hesabu hiyo. Video ya cherehani imeonyeshwa mara 9,000 na ikabonyezwa mara 450, sawa na asilimia 5. YouTube husema nusu ya chaneli na video zote huangukia kati ya asilimia 2 na 10, kwa hiyo hii ya pili haina ajabu yoyote. Ni ya kawaida. Ya kwanza ndiyo iliyo chini.

Angalia jambo ambalo wanaoanza hulipita. Video yenye tagi nyingi haikufichwa. Ilionyeshwa mara 3,000. Watu waliiona, wakapita. Mtu anayelalamika kwamba YouTube haimwonyeshi aanze na mstari huu, kwa sababu mara nyingi utamwambia kwamba alionyeshwa na hakuchaguliwa, na hilo ni tatizo jingine lenye dawa nyingine.

Kwa nini walipita? Kwa sababu kile walichokiona hakikuwaambia watapata nini. "Mishono mipya mikali" ni ahadi inayotolewa na video nyingi mno, zikiwemo za chaneli kubwa zenye majalada yaliyopigwa vizuri. Anayetaka picha za mishono ana pa kuzipata. Anayetaka kujifunza mkono wa puto hajui kwamba somo hilo limo ndani, limefichwa dakika ya nne. Na tagi ya "mkono wa puto" haimsaidii, kwa kuwa haioni. Upande wa pili, mtu ambaye cherehani yake imekata uzi mara tano tangu asubuhi, na nguo ya mteja inatakiwa jioni, akiona sindano na uzi uliokatika hana haja ya kushawishiwa.

Wengi hukomea kwenye kubonyeza. Nusu kubwa ya jibu iko baada ya hapo. Mwaka 2012 YouTube ilibadilisha namna ya kupendekeza video: badala ya kuhesabu kubonyezwa tu, ikaanza kuupa uzito muda ambao mtu anatazama. Mwaka 2016 wahandisi watatu wa Google walichapisha maelezo ya jinsi mfumo huo ulivyofanya kazi wakati huo. Hatua ya kwanza huchuja mamilioni ya video hadi kubaki mamia, kwa kuangalia zaidi kile ambacho mtazamaji huyu na wengine wanaofanana naye wamekuwa wakitazama na kutafuta. Hatua ya pili hupanga mamia hayo kwa kukadiria mtu huyu atatazama kila moja kwa muda gani. Walieleza na sababu: ukipanga kwa kubonyezwa peke yake, zitapanda video zenye vichwa vya kulaghai ambazo mtu huzifungua na kuziacha. Baadaye YouTube iliongeza kuwauliza baadhi ya watazamaji watoe nyota 1 hadi 5 kwa video walizotazama, ili ijue kama muda ule waliuona wa maana.

Turudi Morogoro. Waliofungua video ya mishono walibaki wastani wa sekunde 50. Ukizidisha kwa 102 unapata dakika 85 kwa mwezi mzima. Waliofungua ya cherehani walibaki dakika 2 na sekunde 40, zaidi ya nusu ya video, na kwa mara 450 hiyo ni saa 20. Sekunde 50 zinatueleza jambo la kuumiza: wengi waliondoka wakati fundi bado anasalimia. Na ndugu wa WhatsApp wamechangia hapo. Walifungua kwa upendo, wakatazama kidogo, wakarudi kwenye mazungumzo yao. Siwalaumu, wala simkatazi mtu kuwatumia ndugu zake video. Ila hesabu ya siku tatu za kwanza inayojengwa na magrupu haiwezi kukuonyesha video itafika wapi, na ndiyo iliyomfanya fundi wetu aamini kwamba tagi zinafanya kazi kabla hazijamwangusha.

Swali linalofuata huwa hili: mbona asilimia ya wanaobonyeza video yangu nzuri inashuka? Siku ya tatu ya cherehani ilikuwa imeonyeshwa mara 600 na kubonyezwa mara 42, yaani asilimia 7. Mwisho wa mwezi ni 5. Haijaharibika. Mwanzoni ilionyeshwa kwa walio karibu zaidi na jambo lenyewe, wale waliotafuta kwa maneno hayohayo. Kadiri inavyopelekwa kwa watu wa mbali zaidi, wanaopenda ushonaji lakini cherehani zao ni nzima, asilimia lazima ishuke huku idadi ikipanda. Atakayeogopa kushuka huko na kubadilisha kichwa cha habari katikati ya safari anaweza kuivuruga video iliyokuwa inakwenda vizuri.

Je, tagi nyingi haziwezi kudhuru kabisa? Zinaweza, kwa njia mbili, na zote fundi wetu alikuwa anazikaribia. Ya kwanza ni kuweka majina ya watu au mambo ambayo hayamo kwenye video. Kanuni za YouTube zinahesabu maelezo ya kupotosha kuwa ni kosa, na video inaweza kuondolewa. Majina ya wasanii ndani ya somo la kushona mkono hayana kazi nyingine isipokuwa kupotosha, na mimi nasema yaondolewe hata kama hakuna atakayeadhibiwa, kwa kuwa anayeletwa kwa jina la msanii ataondoka baada ya sekunde tatu na kukuachia alama mbaya. Ya pili ni kuchukua lundo lilelile la tagi na kulimwaga kwenye sehemu ya maelezo, chini ya video. Hilo limekatazwa waziwazi kama taka.

Hapa pia watu huchanganya tagi na hashtagi, ile alama ya reli. Tagi hukaa kwenye kisanduku chake na hazionekani. Hashtagi huandikwa kwenye kichwa au maelezo, zinaonekana, na mtu akiibonyeza anapelekwa kwenye video nyingine zenye alama hiyohiyo. Zikizidi 60 kwenye video moja, YouTube huzipuuza zote. Mbili au tatu zinatosha.

Basi mtu atauliza: kama tagi hazina nguvu, kwa nini kila ninayemwona mwenye tagi nyingi anapata watazamaji wachache, nami nimelishuhudia kwenye chaneli yangu mwenyewe? Hapa inabidi twende polepole. Video zinazojazwa tagi huwa ni zile ambazo mwenyewe hana uhakika ni za nani. Akiwa hajui kama anasema na wanaotafuta mishono ya harusi, au wanafunzi wa ushonaji, au wapita njia, anaweka maneno ya wote. Kichwa cha habari kinakuwa kipana kwa sababu hiyohiyo, jalada linakuwa la jumla kwa sababu hiyohiyo, na dakika za mwanzo zinapotea kwa sababu hiyohiyo. Tagi 38 ni dalili ya ugonjwa, kama joto la mwili kwa mgonjwa wa malaria. Kuifuta dalili hakukutibu. Ile video ya haraka haikupata tagi kwa kuwa fundi hakuzihitaji: alijua ni nani aliye na shida na alikuwa anampa jibu.

Na ndiyo maana jaribio la kufuta tagi pekee halibadilishi kitu. Anayetaka kujua kinachofanya kazi abadilishe kitu kimoja, aache video wiki mbili hadi nne, kisha alinganishe mistari ileile: imeonyeshwa mara ngapi, imebonyezwa asilimia ngapi, imetazamwa kwa wastani wa muda gani. Akibadilisha kichwa, jalada na tagi siku moja, hata mafanikio yakija hatajua yametoka wapi. Tena asilinganishe mishono na cherehani, maana ni vitu viwili tofauti vyenye watu tofauti. Alinganishe video na jinsi ilivyokuwa yenyewe kabla ya badiliko.

Fundi wetu anaweza kuiokoa video yake ya mishono, na hatua zenyewe si ngumu. Akiingia `Editor` ndani ya YouTube Studio anaweza kukata dakika zote za mwanzo hadi pale somo linapoanza, na video inabaki na kiungo chake, hesabu yake na maoni yake. Hiyo ni hatua ya kwanza, na binafsi ningeianza hiyo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu hakuna jalada litakalofidia dakika nne za kusubiri. Ya pili ni kuiita kwa jina la kilichomo: "Kukata na kushona mkono wa puto kwa kitenge". Ya tatu ni jalada linaloonyesha mkono uliokamilika, karibu, mkunjo wake ukionekana hata kwenye simu ndogo. Chaneli iliyofunguliwa vipengele vya juu ina pia zana ya kujaribu na kulinganisha, inayomruhusu kuweka majalada hadi matatu. YouTube huyagawa kwa watazamaji tofauti na kuonyesha lipi lilileta sehemu kubwa zaidi ya muda wa kutazamwa.

Tagi zinakuja mwisho, na hapo ndipo Kiswahili kinapozipa kazi. Watu wetu hawaandiki kwa namna moja. Chombo hichohicho kinaandikwa cherehani, cherahani na charahani, na wote wanaoandika hivyo wanatafuta msaada uleule. Kitenzi nacho hugeuka: mmoja anaandika "inakata uzi", mwingine "uzi unakatika", wa tatu "inakatakata nyuzi". Kichwa cha habari hakiwezi kubeba yote hayo bila kuwa kichekesho. Kisanduku cha tagi kinaweza:

```
cherehani inakata uzi, uzi unakatika, cherahani, charahani
```

Ukitaka kujua watu wanaandika nini hasa, andika "cherehani ina" kwenye sehemu ya kutafutia ya YouTube, usibonyeze, uone maneno yanayokuja chini yake. Na video ikishapata watazamaji wa kutosha, `Analytics` itakuonyesha ni kwa maneno gani walikufikia kupitia `YouTube search`. Ukikuta neno ambalo hukulifikiria, na kweli limejibiwa ndani ya video, lipeleke kwenye sentensi ya kwanza ya maelezo, kwa Kiswahili cha kawaida kinachosomeka. Huko lina uzito zaidi kuliko kwenye tagi, na mtazamaji atalisoma pia.

Limebaki swali la mwisho, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: nikifanya haya yote, video itapanda? Kwa mkono wa puto inategemea ni wangapi wanaotaka kujifunza mkono wa puto kwa Kiswahili mwezi huu. Kama ni mia mbili, video bora kabisa itawapata hao na wachache wa pembeni, na hakuna tagi, kichwa wala jalada litakaloongeza watu ambao hawapo. Unaweza kukadiria mapema: maneno ya somo lako yakikosa kabisa kukamilishwa na sehemu ya kutafutia, na video zilizopo juu ya somo hilo zikiwa na miaka mitatu na watazamaji mia nne, basi 300 kwako ni kazi iliyofanyika vizuri. Fundi mwenye video ya cherehani inayokata uzi alikuwa na shida ya kila siku katika vyumba vya ushonaji kuanzia Morogoro hadi Mombasa na Bukavu. Ndiyo maana kwake ningependekeza video ya tatu iwe juu ya cherehani inayoruka mishono, na ya nne juu ya uzi wa chini unaojikusanya, kabla hajarudi kwenye mitindo.